Mtoto Aliyeanza Kukosea Baada ya Kupatia

Adam si jina lake halisi. Ni jina alilopewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliokuwa chini ya mwanasaikolojia Roger Brown, walipoanza mwaka 1962 kuwafuatilia watoto watatu wa Kimarekani nyumbani kwao. Wengine wawili waliitwa Eve na Sarah. Watafiti walibeba kinasa sauti, wakakaa na mtoto na mama yake, wakarekodi mazungumzo ya kawaida ya kucheza, kula na kubishana, kisha wakayaandika neno kwa neno. Adam alikuwa na miaka 2 na miezi 3 walipoanza naye. Akiwa na miaka 2 na miezi 11, alitaka kujua kitu fulani kilikuwaje kwa kukigusa, na katika swali lake akatamka "feeled".

Mtu mzima anayesema Kiingereza hasemi "feeled". Husema "felt". Ajabu ya neno hilo, hata hivyo, si kwamba mtoto wa miaka miwili alikosea. Ajabu ni kwamba katika miezi yote ya nyuma, kila alipokitia kitenzi cha aina hii katika wakati uliopita, alikitia sawasawa. Katika kanda zake hilo ndilo kosa la kwanza la namna yake, na baada ya hilo yalifuata mengine kwa miaka. Alianza na usahihi, akaingia kwenye makosa.

Msomaji asiyekifahamu Kiingereza kwa ndani anahitaji kujua jambo moja. Vitenzi vya lugha hiyo, karibu vyote, huingia katika wakati uliopita kwa kuongezewa mwishoni kiambishi kimoja, "-ed": "play" huwa "played", "look" huwa "looked". Lakini vipo kama 180 vinavyokataa utaratibu huo. "Go" huwa "went", "come" huwa "came", "hold" huwa "held". Nitaviita vikaidi. Ni vichache kwenye kamusi, ila vimetapakaa mdomoni: vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza, vikiwamo vya kuwa, kufanya, kusema, kwenda na kuja, vyote ni vikaidi. Mtoto basi hukutana navyo tangu mwanzo, asubuhi hadi jioni. Nomino nazo zina wakaidi wao. Wingi hupatikana kwa "-s", lakini "foot" ikiwa nyingi ni "feet", na "mouse" ni "mice".

Ukichora grafu, umri ukienda kulia na asilimia ya majibu sahihi ikipanda juu, mstari wa vikaidi huanza juu, hushuka, kisha hupanda tena. Umbo lake ni la herufi U. Ujuzi mwingi wa mtoto hauna umbo hilo. Anayejifunza kutembea huanguka sana mwanzoni, baadaye kidogo, mwishowe haanguki. Hakuna anayetembea vizuri mwezi mzima halafu akaanza kuanguka kwa sababu amejua zaidi kutembea.

Katikati ya karne iliyopita umbo hili liliwatia taabu walioamini kwamba lugha hupatikana kwa kuiga na kusifiwa. Kama mtoto ni kasuku mwenye bidii, "feeled" ameitoa wapi? Wazazi wake hawaisemi. Na kwa nini aliache neno alilolisikia mara nyingi, alilolisema sawa, akachukua ambalo hakulisikia? Susan Ervin, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1964, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha mpangilio huo waziwazi: vikaidi huja kwanza vikiwa sahihi, halafu vinafunikwa na "-ed". Brown naye, katika kitabu chake cha mwaka 1973, aliwapanga watoto wake watatu kwa viambishi walivyovimudu, akaona kwamba wakati uliopita wa vikaidi hutangulia ule wa vitenzi vya kawaida. Vigumu vilitangulia vyepesi.

Jibu la fumbo lilikuwa limekwisha kupatikana miaka kadhaa kabla, kwa mchoro wa kiumbe kidogo kama ndege. Mwaka 1958 Jean Berko alichapisha jaribio alilowafanyia watoto wa miaka 4 hadi 7. Aliwaonyesha kiumbe hicho akakiita "wug", neno ambalo halimo katika Kiingereza. Kisha akawaonyesha wawili na kuiacha sentensi wazi ili mtoto aimalizie. Wengi wakamalizia "wugs". Hapo kuiga hakupo, kwa kuwa hakuna mtu duniani aliyewahi kuwatajia neno hilo. Kilichowasaidia ni kanuni waliyokwisha kuitoa wenyewe katika maneno waliyoyasikia.

Watu wanaolisimulia jaribio la Berko huishia hapo, na kwa maoni yangu huacha sehemu tamu zaidi. "-s" ya wingi hutamkwa kwa namna tatu kulingana na sauti inayotangulia, na ile ndefu, inayosikika kama "-iz", hufuata maneno yanayoishia kwa sauti za s, z, sh na jamaa zake. Zaidi ya watoto tisa katika kumi walijua kusema "glasses", wingi wa neno la glasi wanalolitumia kila siku. Walipopewa neno la kubuni "tass", linaloishia kwa sauti ileile, ni kama theluthi tu walioweza kusema "tasses". Waliobaki waliliacha "tass" hivyohivyo. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuwa na neno sahihi kinywani bila kuwa na kanuni iliyolizaa. "Glasses" ameihifadhi nzima. Kumbukumbu na kanuni ni vitu viwili, na kimoja chaweza kumtangulia mwenzake kwa mbali.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza mkono wa kushoto wa U. Mtoto wa miaka miwili anayesema "went" hajui kwamba hilo ni "go" lililovaa wakati uliopita. Kwake ni neno kama neno jingine lolote, alilolisikia likitumika mahali fulani na kulitunza. Usahihi wake ni wa kweli, lakini hauna mfumo nyuma yake.

Tena mkono huo una hila katika namna unavyohesabiwa. Watoto wadogo mara nyingi hawatii alama ya wakati hata kidogo: husimulia ya jana kwa kusema "go" au "play" tupu. Mtafiti anayetafuta kiwango cha makosa huziweka kando sentensi hizo, akachukua zile tu ambazo mtoto amejaribu kuonyesha wakati. Hesabu ni makosa kama "goed", kugawanywa kwa jumla ya makosa hayo na majibu sahihi kama "went". Asiyejaribu hahesabiwi kuwa amekosea. Kwa hiyo ile asilimia mia ya mwanzo ni ya maneno machache, katika kipindi ambacho sentensi nyingi za jana hazina alama yoyote. Gary Marcus na Steven Pinker pamoja na wenzao walipochambua kanda za Adam waliona jambo linalooana na hilo: makosa yalianza wakati ambapo alama ya "-ed" kwenye vitenzi vya kawaida ilikuwa ikiacha kuwa ya bahati na kuwa desturi. Akishajua kwamba jambo lililopita lazima liwekewe alama, na akawa na alama moja inayofaa kitenzi chochote, anapokosa neno lenyewe hatanyamaza tena. Atatengeneza lake.

Uchambuzi huo ulichapishwa mwaka 1992, na ndio uliobadilisha picha ya kina cha shimo. Usingewezekana miaka kumi kabla. Mwaka 1984 Brian MacWhinney na Catherine Snow walianzisha hazina ya pamoja ya maandishi ya mazungumzo ya watoto, iitwayo CHILDES, na kazi ya kupekua makabati ya kila mtafiti ikageuka kuwa kazi ya kompyuta. Marcus na wenzake walikusanya mara 11,521 ambazo watoto 83 walivitumia vikaidi katika wakati uliopita. Wakahesabu kiwango cha makosa cha kila mtoto, wakawapanga kuanzia wa chini hadi wa juu. Aliyekaa katikati alikosea asilimia 2.5 tu. Mara arobaini za kusema kikaidi, kosa moja.

Vitabu vingi vilikuwa vimemchora mtoto kana kwamba "went" inafutika kichwani na "goed" kukaa mahali pake, mpaka baadaye akiifufua. Takwimu zinakataa. Shimo ni sahani kuliko kisima. Mtoto yuleyule, katika mwezi uleule, hata katika mazungumzo yaleyale, husema "went" na "goed", na ile sahihi ndiyo inayozidi. Mzazi huona vinginevyo kwa sababu ya kawaida tu: mara thelathini na tisa za "went" hupita bila kusikika, ya arobaini hupigiwa simu bibi.

Hata hivyo wastani nao una ujanja wake. Katika kundi hilo alikuwamo Abe, mtoto aliyerekodiwa na baba yake, mtafiti Stan Kuczaj, na kiwango chake kilikuwa kama asilimia 24. Mwaka 2000 Michael Maratsos alitoa hoja ambayo inafaa kupigwa hesabu. Tuseme mtoto ametumia "went" mara 90 bila kukosea, na vitenzi vingine vitano adimu, kila kimoja mara mbili, akikosea mara moja katika kila kimoja. Jumla ni mara 100, makosa 5, sawa na asilimia 5. Lakini tazama kitenzi kimoja kimoja: vitano kati ya sita vina makosa nusu kwa nusu. Kitenzi kimoja chenye kelele kimevifunika vingine vyote. Maratsos alionyesha kwamba kwa watoto kama Abe vitenzi visivyosemwa sana hukosewa mara nyingi, na kwa muda mrefu, ila haviingii kwa wingi kwenye jumla. Naona pande zote mbili zina haki yake, kwa kuwa zinajibu maswali mawili. Ukiuliza masikio ya mzazi yatapokea makosa mangapi kwa siku, ni machache. Ukiuliza kitenzi adimu hupitia nini kabla ya kukaa sawa, safari yake ni ndefu na yenye mabonde.

Hapo pia ndipo sababu inapojitokeza. Maelezo ya Marcus na Pinker ni mepesi kuyafuata. Kikaidi huhifadhiwa katika kumbukumbu, na kikipatikana huizuia kanuni isifanye kazi: "held" ikija, "-ed" hunyamaza. Lakini kumbukumbu ya mtoto ni changa, na neno alilolisikia mara chache huchelewa kuja au haliji. Kizuizi kisipokuwepo, kanuni hupita, na "holded" hutoka. Kama ni hivyo, basi vitenzi ambavyo wazazi huvisema mara kwa mara vikosewe kidogo, na vile visivyosikika sana vikosewe zaidi. Ndivyo ilivyoonekana katika kanda. Kupona kwa mtoto nako hakuhitaji somo jipya. Kunahitaji kusikia zaidi, neno moja moja, na ndiyo maana mkono wa kulia wa U hupanda polepole na kuendelea hadi umri wa shule. Mara nyingine njia zote mbili hufanya kazi kwa pamoja, na ndipo husikika "wented" au "feets", neno sahihi lililowekewa alama juu ya alama.

Kumsahihisha hakusaidii kama watu wanavyodhani. Courtney Cazden, aliyefanya kazi na Brown, aliandika mazungumzo na mtoto mmoja aliyesimulia kwamba mwalimu wake aliwashika sungura wadogo, akitumia "holded". Mtu mzima akamuuliza kama amesema mwalimu aliwashika, yeye akitumia "held". Mtoto akakubali. Akaulizwa tena alifanya nini, akajibu kwa "holded". Mtu mzima akajaribu mara nyingine kwa kuuliza kama mwalimu "held" sungura kwa kuwakaza, naye akajibu kwamba hapana, "holded" kwa kuwalegeza. Alisikia kila kitu. Alielewa swali, akarekebisha habari ya kukaza na kulegeza, na "held" haikumgusa. Kwake mazungumzo yalikuwa juu ya sungura.

Mwaka 1986 David Rumelhart na James McClelland walidai kwamba hakuna haja ya kudhani kanuni yoyote kichwani. Walitengeneza programu ya kompyuta yenye viungo vingi vinavyoimarika au kulegea kadiri inavyopewa mifano, bila kanuni iliyoandikwa popote. Waliianzisha kwa vitenzi kumi vinavyotumika sana, vinane vikiwa vikaidi. Ilipovimudu wakaiongezea 410, vingi vikiwa vya kawaida. Papo hapo ikaanza kukosea vikaidi ilivyokwisha kuvijua, kisha ikajirekebisha. U ilionekana kwenye karatasi.

Pinker na Alan Prince walijibu mwaka 1988 kwa makala ndefu kali. Hoja yao iliyouma zaidi ilikuwa juu ya ile ngazi ya kumi hadi 420. Programu ilishuka kwa sababu chakula chake kilibadilishwa ghafla na walioilisha, ilhali msamiati wa mtoto hauruki hivyo, na wazazi hawaongezi vitenzi vya kawaida kwa mafuriko mtoto anapokaribia miaka mitatu. Kim Plunkett na Virginia Marchman wakatengeneza programu nyingine zilizoongezewa maneno kidogo kidogo. Hizo hazikutoa U moja kubwa, zilitoa vijibonde vingi, kila kitenzi na chake, kwa nyakati tofauti. Ubishi juu ya kanuni haukwisha, lakini picha ya vijibonde inalingana vizuri na kanda za watoto halisi kuliko ule mchoro mmoja mzuri wa vitabuni.

Kikaidi kisichosikika vya kutosha huwaponyoka watu wazima pia, ila kwa mwendo wa karne. Mwaka 2007 Erez Lieberman na wenzake walichukua vitenzi 177 vilivyokuwa vikaidi katika Kiingereza cha kale. Leo 98 tu bado ni vikaidi. "Help", kusaidia, kilikuwa na wakati uliopita wa kipekee, sasa ni "helped" tu, na hakuna anayeona kosa. Vilivyosalimika ni vile visemwavyo sana, na vilivyotumika mara chache vilisalimu amri mapema.

Kiswahili kina vikaidi wachache mno katika vitenzi, lakini kimoja kinafaa kutazamwa. Kumwamuru mtu kwa kitenzi kifupi hubakiza "ku-": kula humpa "kula!", kunywa humpa "kunywa!", na kwa wengi "kuleni!" na "kunyweni!". Kwa utaratibu huo kuja ingetoa "kuja!" na "kujeni!". Kiswahili sanifu husema "njoo!" na "njooni!", neno la kuhifadhiwa lilivyo. Mtoto wa Zanzibar atakayesema "kuja hapa" atazungukwa na watu wanaosema "njoo" siku nzima, kwa hiyo kizuizi chake kitajengeka upesi. Mtoto wa Nairobi husikia "kuja" kwa mama, kwa kondakta wa matatu na kwa wenzake wa mtaani, watu wazima wanaoisema bila kusita. Kwake hakuna shimo la kutoka. Atakutana na "njoo" shuleni, kwenye sarufi, na kwenye karatasi ya mtihani itakayomkata alama kwa kufuata kanuni.